Kuondoa wapita njia mbele ya sanamu ya Tom Mboya: hesabu niliyoichelewa

Mara ya kwanza nilipiga picha 40 ndani ya sekunde 40. Tripodi ilikuwa imetulia, sanamu ya Tom Mboya mbele, Jumba la Nyaraka za Taifa nyuma, Barabara ya Moi jijini Nairobi imejaa watu kama kawaida yake. Nikaziunganisha kwa mediani nikitarajia uwanja mtupu. Nilichopata ni nusu ya mwanamume bila kichwa, begi jekundu linaelea peke yake, na ukungu wa kijivu kandokando ya sanamu.

Kosa halikuwa katika idadi ya picha, lilikuwa katika muda. Ukielewa mediani inafanya nini utaona kwa nini.

Chukua pikseli moja ya sakafu katika picha tisa. Mwangaza wake unasoma hivi: 142, 140, 141, 35, 143, 88, 141, 210, 142. Hiyo 35 ni suruali nyeusi iliyopita, 88 ni begi, 210 ni shati jeupe. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, na ya tano, ile ya katikati, ni 141, yaani sakafu yenyewe. Wastani wa hizo hizo ni kama 131, kwa hiyo ungeacha kivuli cha watu. Mediani haijali suruali ni nyeusi kiasi gani. Inachouliza ni kama sakafu imeonekana zaidi ya nusu ya mara.

Hapo ndipo nilipoanguka. Mtu aliyesimama kumsubiri rafiki kwa nusu dakika alikuwa ndani ya picha 30 kati ya zangu 40. Kwa mediani, yeye ndiye aliyekuwa sakafu.

Nikarudi Jumapili asubuhi, nikapiga picha 25, moja kila sekunde 20, jumla dakika 8. Sasa anayesubiri nusu dakika anaonekana katika picha moja au mbili tu. Fokasi, mwangaza na usawa wa rangi nyeupe niliviweka kwa mkono, maana kamera ikijiamulia, kila picha hutoka na rangi yake. Dakika 8 pia ndio kikomo changu cha kawaida: jua husogea digrii moja kila dakika nne, na ukikaa zaidi kingo za vivuli huanza kulegea. Mawingu yakianza kupishana na jua, mimi hufunga begi na kwenda kunywa chai.

Kwenye picha ya 17 kijana mwenye haraka aligonga mguu wa tripodi. Ukishuku jambo kama hilo, kuza sehemu yenye mistari katika picha iliyounganishwa, kama madirisha ya jumba: kingo zikilegea au kuonekana maradufu, picha hazijakaa sawa. Kwa hiyo nilizipanga kwanza kwa programu ya Hugin, kisha ImageMagick ikatafuta mediani:

```
align_image_stack -m -a sawa_ *.jpg
magick sawa_*.tif -evaluate-sequence median safi.tif
```

Picha zikiwa kubwa kompyuta ya kawaida hukwama, kwa hiyo jaribu na nakala ndogo kwanza. Katika Photoshop njia ni File > Scripts > Statistics, kisha unachagua Median.

Wapita njia wote walitoweka. Alibaki mzee mwuza njugu, amekaa upande wa kushoto. Nilikuwa nimemuuliza, "Mzee, utakaa hapa mpaka saa ngapi?" Akacheka: "Mimi niko hapa kila siku, kijana. Wewe ndiye unapita."

Hata asiyekaa hapo muda wote anaweza kukuponza. Pale chini ya sanamu kijana mmoja mwenye koti jeusi alikaa katika picha 10 kati ya 25. Hilo si nusu, nikadhani mediani itamwondoa. Lakini sehemu ile ile ilipitiwa na watu wengine wanne wenye nguo za giza, katika picha nne tofauti. Kumi na nne ni zaidi ya nusu, na pale pakatokea doa jeusi lisilo na umbo. Aliyekaa na waliopita wanakula bajeti moja. Tangu siku hiyo, nikiona mtu amekaa, nahesabu, na akiondoka naongeza picha mpaka zile safi zizidi kwa mbali.

Doa lile nililiziba kwa mkono. Nilitafuta picha moja ambamo pale hapakuwa na mtu, nikaiweka juu ya picha ya mediani, nikafuta kila kitu isipokuwa kipande kile cha sakafu. Kilikuwa na chembechembe zaidi kidogo kuliko kwingine, kwa sababu kimetoka katika picha moja tu, lakini haionekani usipokuza.

Mwuza njugu nilimwacha. Hakuna picha hata moja kati ya 25 aliyoinuka.