Hesabu Jumapili, usiandike "mkabila"

Swali la wiki: "Supavaiza wetu anapendelea watu wa kabila lake na sisi wengine anatutusi. Nimeambiwa niandike malalamiko. Niandike nini ili nisikizwe?"

Neno "mkabila" usiliandike hata mara moja. Najua ndilo limekaa rohoni, hata mi barua yangu ya kwanza niliandika hivyo, 2024, nikiwa mpakiaji kwenye godauni moja huku Changamwe, "fomeni ni mkabila na kila mtu anajua", meneja akamwita fomeni akamuuliza kama ni kweli, akasema sio kweli, ikaishia hapo.

Ya pili nikaanza na rosta. Ovataimu ya Jumapili ilikua inabandikwa Ijumaa jioni kwa mlango wa stoo, nikawa naipiga picha kila wiki kabla haijabanduliwa. Kutoka Juni 2 mpaka Julai 7 ni Jumapili 6, na kila Jumapili wanaitwa watu 5, kwa hivyo nafasi ni 30. Watu walewale 4 walipata 24. Zile 6 zilizobaki ndio tukaachiwa sisi 10, na 5 kati yetu, mimi nikiwemo, hatukupata hata siku moja.

Sasa hapa kwa kabila ndio watu wengi huharibu, wanaanza kupanga watu kwa majina, na jina hudanganya, mtu anaweza kuitwa jina la babake na kwao amelelewa kwingine kabisa. Mi niliandika tu nilichosikia na masikio yangu, kwamba hao 4 na fomeni huongea lugha moja ya nyumbani wakiwa kazini. Halafu nikaweka na yale yasiyonisaidia: kati ya sisi 5 tuliokosa kabisa kuna mmoja anaongea lugha hiyohiyo, na kati ya wale 4, wawili wana leseni ya foklifti ambayo sisi hatuna. Rafiki yangu alinigombeza sana kwa hilo, eti namsaidia adui. Lakini fomeni alipoitwa, cha kwanza kutaja ni foklifti, meneja akamwonyesha mbona iko hapa tayari, na hao wawili wengine wasio na leseni je? Akakosa la kusema.

Kwa matusi usiandike "hutudharau". Andika siku, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotoka, na nani alikua karibu. Yangu ilikua hivi: "Jumanne Juni 18, saa mbili asubuhi, hapo kwa mizani, fomeni aliniambia 'Nyinyi watu wa ziwa mnajua samaki tu, kazi ya akili hamuwezi.' Nilimjibu 'Nyamaza wewe.' Wapakiaji watatu walikuwepo." Jibu lako liandike pia hata kama ulikosa adabu, manake yeye atalisema tu. Kama tusi lilikua kwa lugha huielewi, andika vile ulisikia na nani alikuelezea maana, na kama hakuna aliyekuelezea usijitungie. Mashahidi waulize kwanza kabla hujaandika majina yao, mmoja wangu alikataa nikamtoa. Na kuongea lugha ya mama peke yake sio kosa la kushtakia, lakini kama maagizo ya kazi yalitolewa kwa lugha hiyo ukakosa kuyaelewa, basi andika agizo lilikua gani na lilikukosesha nini.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa kabila kazini, na kesi ikifika kortini mwajiri ndiye anatakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea. Kifungu cha 46 nacho kinasema kulalamika sio sababu halali ya kufutwa, isipokua malalamiko yakionekana hayana msingi. Hapo kwa msingi ndipo picha za rosta zinakulinda wewe mwenyewe. Ile ya theluthi moja ambayo watu hupenda kutaja, kwamba kabila moja lisizidi theluthi ya wafanyakazi, iko kwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 lakini ni ya taasisi za umma, kwa kampuni ya mtu binafsi usiitumie, utaangusha barua yote.

Mwisho wa barua sema unataka nini. Mi niliomba rosta isainiwe na meneja na zamu ziende kwa mzunguko, na tusi la Juni 18 lichunguzwe. Peleka nakala mbili, moja ipigwe mhuri urudi nayo. Fomeni alipewa barua ya onyo, rosta ikaanza kusainiwa ofisini, na Jumapili ya kwanza ya Agosti nikaitwa. Zile pesa za Jumapili nilizokosa sikulipwa, na sikua nimeziomba kwa barua, hilo ndilo ningeongeza.