Hereni za tanzanaiti: picha ya dirishani na maelezo yanayoendana nayo

Mteja akikuambia jiwe ulilomtumia si lile la kwenye picha, usikimbilie kumwona msumbufu. Tanzanaiti hubadilika kulingana na mwanga: dirishani mchana huvuta bluu, na chini ya balbu ya njano huvuta zambarau. Ukipiga karibu na dirisha huku balbu inawaka, simu haijui ifuate mwanga upi, na fedha ya hereni inatoka na umanjano kama imeanza kuchakaa. Kwa hiyo zima taa kwanza.

Chagua dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. La magharibi linafaa asubuhi, la mashariki linafaa mchana. Kama jua linaingia tu, tundika khanga nyeupe au pazia jepesi. Pazia la rangi litapaka rangi yake kwenye fedha. Zile asubuhi za mawingu za Arusha mwezi wa 7, ambazo watu huzilalamikia, kwa kazi hii ni neema.

Weka meza ubavuni mwa dirisha, tandika manila nyeupe, kisha simamisha kipande kingine cha manila upande wa pili wa hereni, kama sentimita 15 hivi. Hicho ndicho kinachorudisha mwanga kwenye upande wenye kivuli. Ukiona doa jeusi katikati ya fedha iliyong'arishwa, hilo ni simu yako au nguo yako inajiakisi. Sogea pembeni kidogo mpaka chuma kiakisi manila.

Futa lenzi. Usiisogeze simu mpaka karibu kugusa hereni, maana haitaweza kufokasi na itajitilia kivuli. Kaa sentimita 30, kisha vuta kwa 2x.

Sasa manila itatoka kijivu kama jivu. Simu ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, hivyo inaupunguza. Gusa jiwe kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu pandisha alama ya jua taratibu. Acha pale manila inapokuwa nyeupe lakini michongo ya fedha bado inaonekana. Ukizidisha, ndoano inayeyukia kwenye weupe, na hapo hakuna programu itakayoirudisha.

Maelezo yaandike hereni zikiwa bado mezani, ukitazama picha na jiwe kwa pamoja. "Bluu ya kuvutia" haimwambii mtu kitu. Andika hivi:

"Hereni za tanzanaiti, fedha 925. Jiwe mm 4, urefu sm 3 pamoja na ndoano. Picha ya mwanga wa dirisha, mchana; chini ya balbu ya njano jiwe huvuta zambarau zaidi. Rangi ya jiwe imeboreshwa kwa moto."

Sentensi ya mwisho wengi huiruka. Tanzanaiti nyingi sokoni zimepashwa moto, na mnunuzi anayejua mawe atauliza tu.

Weka pia picha ya pili, hereni ikiwa sikioni. Milimita 4 peke yake kwenye manila huonekana kubwa kama kunde.