Kinachobaki kichwani baada ya kusoma

Mwalimu wa darasa la sita, Iringa: *Nikiwauliza wanafunzi kilichoandikwa kwenye habari, wananitajia sentensi ambayo haimo, tena wanaapa wameisoma. Wananidanganya?*

Hawakudanganyi, mwalimu. Huenda hao ndio walioielewa habari kuliko wenzao.

Mwaka 1972 watafiti Bransford, Barclay na Franks walifanya jaribio ambalo hadi leo linafundishwa. Waliwapa watu sentensi ya namna hii: "Kasa watatu walipumzika juu ya gogo linaloelea, na samaki akapita chini yao." Baadaye wakawapa nyingine inayoishia na "samaki akapita chini yake", yaani chini ya gogo, wakawauliza kama ndiyo waliyopewa mwanzo. Watu walishindwa kuzitofautisha. Kundi jingine lilipewa kasa waliopumzika kando ya gogo. Kwa kundi hili, badiliko lile lile la neno moja lilionekana kwa urahisi zaidi.

Tazama kilichotokea. Kasa wakiwa juu ya gogo, samaki anayepita chini yao hana budi kupita chini ya gogo pia, kwa hiyo sentensi mbili zinaeleza tukio moja. Wakiwa kando, samaki anaweza kupita chini ya kasa bila kulifikia gogo. Hapo matukio ni mawili. Watu walishika tukio, maneno wakayaachia.

Mwaka 1983 Teun van Dijk na Walter Kintsch walilipangia jambo hili ngazi tatu: maneno yenyewe, maana ya sentensi zilizoandikwa, na juu yake modeli ya tukio, ambayo msomaji huijenga kwa kuchanganya maandishi na anachokijua tayari. Maneno ndiyo hupotea mapema.

Kwa hiyo mwanafunzi akikutajia sentensi isiyokuwepo, jiulize kwanza: je, ingeweza kuwa kweli katika tukio lile? Kama ndiyo, amejenga modeli sahihi, ingawa bado inafaa afundishwe kurudi kwenye ukurasa na kuhakiki. Kama inapingana na tukio, basi kuna mahali alipotea, na hapo ndipo pa kumrudisha.

Mwanafunzi wa chuo, Mbeya: *Mimi nikisoma sioni picha yoyote kichwani. Ina maana sielewi?*

Hapana. Modeli ya tukio si lazima iwe picha. Ni hesabu inayoendeshwa kimya kimya: nani yupo, yuko wapi, ni wakati gani, nini kimesababisha nini, na mhusika anataka nini. Unaweza kuiendesha vizuri bila kuona chochote.

Kazi hiyo ya kimya inaweza kupimwa. Chukua habari hii: "Kijana alivaa koti akapanda basi Mafinga. Njiani alilala. Alipofika Makambako njaa ilimuuma." Sasa badilisha mwanzo tu: "Kijana alivua koti, akamwachia mdogo wake, akapanda basi Mafinga." Yaliyobaki ni yale yale, na neno "koti" limetajwa mara moja katika kila habari. Mwaka 1987 Glenberg, Meyer na Lindem walitumia habari za muundo huu, zao zikimhusu mkimbiaji anayevaa au kuvua fulana nzito kabla ya mazoezi. Baada ya sentensi chache walimwonyesha msomaji jina la kile kitu na kumtaka aseme kama kimetajwa. Waliosoma kwamba mhusika amekivaa walijibu haraka zaidi. Kitu alichokwenda nacho mhusika kilikuwa bado karibu akilini. Alichokiacha nyuma kilikuwa kimeachwa nyuma akilini pia.

Mama wa watoto watatu, Tukuyu: *Shikamoo. Mwanangu yuko darasa la nne, anasoma kwa sauti bila kukwama hata kidogo, lakini ukimuuliza alichosoma anabaki kimya. Nifanyeje?*

Marahaba, mama. Kusoma bila kukwama ni jambo moja, kujenga tukio ni jingine. Mpime kwa habari fupi sana ya huko huko kwenu: "Mama alichuma chai tangu asubuhi. Siku hiyo lori halikupita. Kesho yake alimwaga kapu zima." Kisha muulize: kwa nini alimwaga?

Jibu halimo kwenye maandishi. Aliyekulia Rungwe kwenye mashamba ya chai anajua kwamba majani mabichi yanatakiwa yafike kiwandani siku ile ile, la sivyo yanapata joto ndani ya kapu na kuharibika. Mtoto huyo huunganisha sentensi ya pili na ya tatu bila hata kujua kwamba amefanya kazi. Aliyekulia mahali pasipo na chai atasoma kila neno sawasawa na asione uhusiano wowote. Atakwambia, "Kwa sababu lori halikupita," maana ndiyo sentensi iliyo jirani. Mbane kidogo: "Lori lisipopita, kuna shida gani?" Hapo ndipo utajua kama ana modeli au ana maneno tu.

Mwaka 1988 Recht na Leslie walionyesha uzito wa ujuzi huu kwa wanafunzi wa Marekani waliosoma habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioufahamu mchezo walikumbuka na kueleza zaidi kuliko wasomaji wazuri wasioufahamu.

Kwa hiyo mjaribu mwanao mara mbili, kwa habari ya jambo analolijua na kwa habari ya jambo geni. Tuseme jambo geni ni kazi za bandarini: akielewa ya chai na kushindwa ya bandarini, anachokosa ni ujuzi wa bandari: mweleze kabla hajasoma. Akishindwa zote mbili, msimamishe kila baada ya sentensi mbili aseme nani yuko wapi na kwa nini. Usimwachie afike mwisho wa ukurasa ndipo umuulize.

Mfanyabiashara, Makambako: *Kibanda cha jirani kiliungua, wakasema ni mtungi wa gesi. Baadaye ikathibitika hakukuwa na mtungi. Mbona watu bado wanasema gesi, hata waliosikia masahihisho?*

Johnson na Seifert walilichunguza jambo hili hili mwaka 1994. Wasomaji walipewa taarifa za moto wa ghala, zikidai kwamba makopo ya rangi na mitungi ya gesi vilihifadhiwa kizembe katika chumba kidogo. Baadaye ikaja taarifa kwamba chumba kile kilikuwa kitupu. Wasomaji waliikumbuka taarifa hiyo ya pili. Hata hivyo, walipotakiwa kueleza mambo kama moshi ulivyokuwa mzito, wengi waliirudia rangi na gesi.

Sababu ni kwamba gesi ndiyo iliyoviunganisha moto, moshi na hasara kuwa tukio moja. Ukiing'oa bila kuweka kitu mahali pake, tukio linabaki bila chanzo, na akili huchagua chanzo kibovu kuliko kukaa bila chanzo kabisa. Wasomaji walipopewa chanzo kingine, kwamba kulikuwa na dalili za moto kuwashwa makusudi, kutegemea gesi kulipungua sana.

Kwa hiyo "hakukuwa na mtungi" haitoshi. Kama uchunguzi umeonyesha ni waya wa jokofu, sema yote kwa pamoja: hakukuwa na mtungi, moto ulianzia kwenye waya wa jokofu, na moshi mweusi ulitokana na magodoro yaliyokuwa nyuma. Hiyo sehemu ya magodoro usiiache, kwa sababu aliyeuona ule moshi kwa macho yake atataka kujua ulitoka wapi.