Kuhusu kukopa ili kuwahi hisa za bonasi

*"Wakuu, kampuni niliyowekeza imetangaza hisa moja ya bonasi kwa kila hisa moja, na daftari la wanahisa linafungwa wiki mbili zijazo. Nina hisa 3,000. Nataka kukopa milioni tano SACCOS niongeze kabla halijafungwa, maana ni kama kupewa mara mbili. Niko Makambako."*

Usikope. Nimesoma ujumbe wako mara mbili nikadhani ni mimi niliyeuandika, kwa sababu miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nanunua viazi Uyole na kuvipeleka Dar es Salaam, nilifanya hicho unachotaka kufanya, kwa uwiano huohuo wa moja kwa moja, na kwa mkopo wa milioni tano hiyohiyo.

Nilikuwa na hisa 2,000 ambazo nilizinunua kwa shilingi 380 kila moja. Kabla ya tangazo bei ilikuwa shilingi 400. Lilipotoka tangazo, watu wenye mawazo kama yangu na yako walijaa, na bei ikapanda hadi 480. Mimi sikujiuliza kwa nini imepanda. Nilichokiona ni kwamba nikinunua hisa 10,000 nitapata nyingine 10,000 bila kulipa. Nililipa shilingi 4,800,000, pamoja na ada za dalali na tozo za soko zilizokuwa karibu asilimia mbili, yaani shilingi 96,000. Kilichobaki kwenye mkopo kiliishia kwenye nyama choma ya kujipongeza, na hadi leo nikihesabu, hiyo nyama ndiyo sehemu pekee ya mkopo ule iliyonipa faida.

Siku chache kabla ya daftari kufungwa huwa kuna siku ambayo mnunuzi mpya hapati tena haki ya bonasi. Asubuhi ya siku hiyo bei haikai ilipokuwa jana. Aliyekuwa tayari kulipa 480 kwa hisa inayokuja na mwenzake hawezi kulipa 480 kwa hisa inayokuja peke yake, atalipa 240. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuibiwa na mtu, wala soko halikuporomoka. Kilichonitia jasho ni kwamba hisa za bonasi zilichukua wiki kadhaa kuingia kwenye akaunti, kwa hiyo katika kipindi hicho taarifa yangu ilionyesha hisa zilezile za zamani kwa nusu ya bei. Nilimpigia dalali mara nne kwa siku moja. Mara ya tano hakupokea, na simlaumu.

Hisa mpya zilipoingia nilitulia, kwa sababu 20,000 kwa 240 ni zilezile 4,800,000. Hapo ndipo kosa lenyewe lilipoanza kuonekana, maana ile 480 haikuwa bei ya kampuni, ilikuwa bei ya shangwe. Kampuni ilikuwa ikiuza bidhaa zilezile kwa wateja walewale. Shangwe ilipokwisha, bei ilirudi taratibu kuelekea 200, ambayo ni nusu ya ile 400 ya kabla ya tangazo. Nilipouza zile 20,000 mwisho wa mwaka ili nimalizane na SACCOS, bei ilikuwa 205. Nilipata 4,100,000, nikakatwa ada za 82,000, na riba ya mkopo kwa mwaka ilikuwa 900,000. Hata baada ya kuhesabu gawio nililopokea, nilikuwa nimepoteza shilingi 1,550,000 kwa kukimbilia kitu cha bure.

Na hilo gawio nalo lilinifundisha. Mwaka uliotangulia kampuni ililipa shilingi 24 kwa hisa. Baada ya bonasi ililipa 12. Mtu mwenye hisa 10,000 alikuwa akipata 240,000 kabla ya kodi. Sasa ana hisa 20,000 na anapata 240,000 kabla ya kodi.

Yule kijana mwenye tai aliyetuendeshea semina katika ukumbi mmoja pale Mbeya mjini hakuyasema haya. Alisema, nanukuu kwa uchungu, kwamba bonasi ni "kampuni kukurudishia faida yako". Si kweli, na alipaswa kujua si kweli, kwa sababu alikuwa analipwa kwa kila tunachonunua. Kampuni haitoi hata shilingi moja. Inachofanya ni kuhamisha tarakimu katika mizania yake. Chukulia kampuni yenye hisa milioni 100 zenye thamani ya kuandikishwa ya shilingi 100 kila moja: mtaji wa hisa ni bilioni 10, na tuseme akiba na faida iliyolimbikizwa ni bilioni 30. Ikitoa bonasi ya hisa moja kwa kila hisa moja, bilioni 10 zinatoka kwenye akiba na kuandikwa kwenye mtaji. Sasa mtaji ni bilioni 20, akiba ni bilioni 20, na jumla ni bilioni 40 ileile. Mimi mwenye hisa 12,000 kati ya milioni 100 nilikuwa na asilimia 0.012 ya kampuni. Nikiwa na 24,000 kati ya milioni 200, bado nina asilimia 0.012. Ukimimina gunia moja la viazi kwenye madebe sita, mnunuzi wa Uyole hakulipi gunia sita.

Kugawanya hisa ni jambo hilohilo kwa njia fupi zaidi, kwani hata akiba haiguswi. Hisa ya shilingi 100 inakuwa hisa tano za shilingi 20. Benki ya Equity ya Kenya iligawanya kila hisa kuwa kumi mwaka 2009, na Apple iligawanya kila moja kuwa nne Agosti 2020, bei ikiwa karibu dola 500, hivyo hesabu ya asubuhi iliyofuata ilianzia karibu dola 125. Nafuu iliyopo ni kwamba mwenye fedha kidogo anaweza kununua, na hisa yenye bei ndogo huuzika kwa urahisi. Hilo si utajiri wa aliyekuwa nayo tayari.

Kuna hali moja ambayo ningekusikiliza: bodi ikitangaza kwamba gawio kwa kila hisa litabaki lilelile hata baada ya bonasi. Hapo kwa kweli utalipwa mara mbili, lakini kilichoongezwa ni gawio, na wangeweza kuliongeza bila kuchapisha hisa hata moja. Kwa hiyo tafuta tangazo lenyewe, usome kama kuna sentensi ya namna hiyo. Langu halikuwa nayo, na sikulisoma hadi mwisho.

Kabla ya kwenda SACCOS, chukua bei ya siku moja kabla ya tangazo, uigawe kwa mbili, kisha ulinganishe na nusu ya bei ya leo. Tofauti utakayoiona ndiyo unayotaka kuilipia kwa mkopo wenye riba. Hisa zako 3,000 zitakuwa 6,000 bila wewe kukopa senti, na sehemu yako ya kampuni itakuwa ileile. Zile 2,000 zangu za mwanzo, ambazo sikuzikopea, zilikuwa 4,000, na mwaka ule zilikuwa na thamani ya shilingi 820,000 dhidi ya 760,000 nilizozinunulia. Hizo bado ninazo. Nyumbani wananiita Mwekezaji, hasa inapohitajika hela ya mboga.