Dawa yangu yote yaishia kwenye nguo ya ndani

*Shangazi, nipo Ngamiani, Tanga. Nilipewa vidonge sita vya klotrimazoli vya miligramu 100, vya kuweka ukeni kwa ajili ya fangasi. Huweka asubuhi nikishaoga, kisha nakwenda kuuza samaki. Ikifika saa nne nguo ya ndani imejaa uji mweupe. Jana niliweka viwili kwa mpigo, nikidhani cha kwanza kimepotea. Bado nawashwa. Nimepewa dawa feki?*

Mwanangu, kinachokuponza ni saa uliyochagua. Kidonge kile huyeyuka polepole kwa unyevu wa uke, na kinataka utulie. Wewe unakiweka, kisha unachuchumaa kwenye karai la samaki na kupanda bodaboda. Kitakaa vipi?

Kiweke usiku, ukishatoka msalani na neti umeshaichomeka, kiwe ndicho cha mwisho kabla ya kulala. Nawa mikono. Vuta nyuma kijiti cha ndani cha ule mrija wa plastiki, chomeka kidonge mdomoni mwake, ncha ya mviringo ikitazama nje. Lala chali, kunja magoti, yaachanishe. Ingiza mrija taratibu ukiuelekeza mgongoni, hadi pale unapofika bila kuuma, ndipo usukume kijiti mpaka mwisho. Wengi huona haya, wakaishia mlangoni. Kidonge hubaki hapo hapo na asubuhi kimeanguka. Ukiutoa mrija, tazama kama kidonge hakijang'ang'ania ndani yake. Kisha usiinuke tena. Asubuhi osha mrija kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukauke, utautumia usiku unaofuata. Kama una mimba, mrija uache, zungumza kwanza na muuguzi. Kwa kawaida mjamzito hutumia kidole safi.

Asubuhi uji mweupe utatoka tu. Mwingi wake ni ule unga ulioshikilia dawa, si dawa yenyewe. Tandika kanga kuukuu, vaa pedi. Pamba ya kuingiza ndani usitumie, itainyonya dawa. Osha nje kwa maji, ndani usiguse, na udi wa kujifukiza uweke kando kwanza. Ukiona vipande vigumu vinatoka, kidonge hakikuyeyuka. Huenda uke ni mkavu, kamwulize mfamasia.

Viwili kwa mpigo usirudie. Mweleze aliyekupa kwamba vingine vilimwagika, aamue kama unahitaji pakiti mpya. Kisha weka kimoja kila usiku hadi viishe, hata muwasho ukikoma usiku wa tatu. Siku hizo kondomu msiitegemee, kwani dawa hizi zaweza kuudhoofisha mpira wake.

Ukifikisha siku saba bado unawashwa, au ukapata homa, maumivu chini ya kitovu, au harufu ya samaki (ile isiyotoka kwenye karai), nenda ukapimwe. Hapo huenda si fangasi.