Batani 16, waya 8, na batani ya mzimu

"Nimeunga batani 16 kwa waya 8 kwenye Arduino Uno, moja moja zinasoma poa, ila nikibonyeza tatu pamoja inatokea ya nne sijaigusa. Programu ina shida?"

Programu yako iache kwanza, hapo umeme unapita njia ya panya. Mimi ilinisumbua wiki nzima. Chukulia waya nne za kulala, L1 mpaka L4, zinashushwa LOW moja moja kwa zamu, na nne za kusimama, S1 mpaka S4, ni INPUT_PULLUP. Umebonyeza L1-S1, L1-S2 na L2-S1. Zamu ya L2 ikifika, S1 inashuka, sawa kabisa, lakini umeme wa S2 nao unaingia L1, unarudi kinyumenyume kupitia batani ya L1-S1 mpaka S1, halafu unaishia L2, basi Uno inaona S2 imeshuka na kudhani L2-S2 imebonyezwa.

Dawa ni daiodi moja kwa kila batani, 1N4148 inatosha, mfululizo na batani, ule mkanda mweusi uelekee waya ya kulala. Umeme utatoka S kwenda L tu, ile safari ya kurudi inakufa.

Ukigeuza daiodi moja, batani hiyo tu itakuwa kimya. Pima na mita kwenye alama ya daiodi, nyekundu upande usio na mkanda, isome kama 0.6, ukigeuza isisome kitu. Na pima kabla ya kulehemu, kuzing'oa 16 ni kazi ya adhabu.