Kabla Hujaandika “Zima”: Maneno kwa Wafasiri Wapya wa Ofisi Yetu

Wadogo zangu, nimepitia rasimu zenu za wiki hii nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na katika tatu kati yake nimekuta kosa ambalo waliowatangulia walilifanya kwenye meza hizohizo mnazokalia. Siwalaumu sana, kwa sababu kosa lenyewe lina asili yake hapa kwetu, lakini nimechoka kulifuta, hivyo nimeona afadhali niandike mara moja kwa urefu kuliko kuandika “hapana” pembeni mwa kila ukurasa.

Nazungumzia vile vitenzi vya Kiingereza ambavyo hapa ofisini tunaviita vitenzi vya mkia: kitenzi kifupi cha kawaida, kama “put”, “give” au “look”, kinachofuatwa na kijineno kama “off”, “up” au “into”, kisha viwili hivyo vikazaa maana ambayo huwezi kuipata kwa kujumlisha maana ya kila kimoja. Msivishangae mno. Sisi wenyewe tunakata tamaa, tunakata rufaa, tunakata shauri na tunakata tiketi pale bandarini, na hakuna anayeuliza kisu kiko wapi. Tofauti ni kwamba “kata” mlilelewa nalo, ilhali “put off” mlifundishwa darasani, tena mkafundishwa nusu yake tu. Kwa hiyo leo nitakaa zaidi kwenye kitenzi hicho kimoja, maana ndicho kinachotugharimu zaidi katika barua za wateja wetu wa samaki.

1. Jueni kwanza Kiingereza chenu kimetoka wapi. Mtoto wa Mwanza anapoagizwa na mwalimu wake azime taa, mara nyingi huambiwa “put off the light”, na akikua husema vivyo hivyo kuhusu redio, feni na jenereta. Ni matumizi yaliyozoeleka Afrika Mashariki na watu huelewana vizuri, ila Waingereza wengi wa leo, wakitaka kifaa kizimwe, husema “turn off” au “switch off”. Kwao “put off” kwanza kabisa ni kuahirisha. Barua ya mhandisi wa Uingereza ikifika mezani kwako, maana inayokurukia kichwani siyo ile iliyomo kichwani mwake, na hatari ni kwamba zote mbili zinaweza kutoshea ndani ya sentensi bila sarufi kulalamika.

2. Msitafsiri kitenzi kabla ya kusoma sentensi inayofuata. Hili lina kisa chake, na kisa chenyewe ni changu, kwa sababu rasimu iliandikwa na kijana aliyekuwa mgeni kama nyinyi lakini sahihi ya mhariri iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu.

Tulikuwa na mteja mwenye chumba cha baridi kando ya ziwa, anayenunua sangara kutoka mialoni na kuwalaza kwenye barafu wakisubiri gari. Kompresa yake ilikuwa ikivuja mafuta, ingawa bado ilifanya kazi, na ilipangwa kwamba fundi aje Jumanne kubadilisha sili. Mafundi walisimamiwa na mhandisi Mwingereza, na barua zake zote zilipita kwetu kwa sababu mtunza chumba hakusoma Kiingereza. Jumatatu jioni ukaja ujumbe mfupi: “We'll have to put off the compressor until Thursday. The seal hasn't come through yet.”

Kijana wangu aliandika: “Itabidi tuzime kompresa hadi Alhamisi. Sili bado haijapenya.” Mimi niliona hilo “haijapenya” nikacheka, nikalifuta, nikaandika “haijafika”, nikajiona mhariri makini, kisha nikatia sahihi. Sentensi ya kwanza niliipita bila hata kupunguza mwendo. Ilikuwa Kiswahili safi, ilizungumzia mashine, na mashine huzimwa. Ni mkia wa sentensi ya pili, “come through”, ulioninyang'anya umakini wote, kwa kuwa kosa lake lilichekesha, na kosa la kuchekesha huwa linajitangaza lenyewe.

Mtunza chumba alikuwa mtu mtiifu. Jumanne asubuhi alizima kompresa, akafunga mlango vizuri na kuongeza barafu kidogo juu ya samaki, kama mtu mwenye akili angefanya. Joto la mchana wa Mwanza likafanya lililobaki. Samaki mbichi hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 0, yaani joto la barafu inayoyeyuka, na barafu ikishaisha hakuna kinacholizuia joto hilo kupanda. Jumatano alasiri mwenye mali alipofungua mlango, barafu ilikuwa maji sakafuni, mashavu ya samaki yaliyokuwa mekundu yalikuwa yamefifia, na ukibonyeza mnofu kwa kidole, alama ilibaki palepale. Waliokuwa chini, karibu na barafu ya mwisho, waliokolewa wakauzwa kwa bei ya hasara. Waliokuwa juu walifukiwa.

Nililetewa karatasi yenye sahihi yangu. Nilijaribu kusema kwamba Kiingereza kile kilikuwa na utata, na kweli kilikuwa nao, kwa kuwa mhandisi alifupisha: alipoandika “the compressor” alimaanisha ile kazi ya kompresa, wala hakumaanisha chuma chenyewe. Alikuwa anasema tu kwamba matengenezo yamesogezwa mbele. Lakini utata ule ulikuwa na ufunguo wake, nao ulikuwa mbele ya macho yangu, katika sentensi niliyojisifu kuisahihisha. Kama sili haijafika, fundi hana cha kufanya, basi kinachosogezwa ni kazi. Kuchelewa kwa kipuri peke yake si sababu ya kawaida ya kuzima mashine ambayo siku iliyotangulia ilikuwa ikiendelea kufanya kazi. Halafu kulikuwa na “until Thursday”, ambayo peke yake haiamui kitu, maana mtu anaweza kuzima hadi Alhamisi na anaweza kuahirisha hadi Alhamisi. Hata hivyo, siku iliyotajwa karibu na “put off” inatosha kukufanya usimame na kuuliza. Simu moja kwa mhandisi ingemaliza habari.

Tangu siku hiyo, kila “put off” inayogusa kifaa hupigiwa simu hapa ofisini. Msione ni usumbufu.

3. Tazameni yambwa ni nani au ni nini. Kinachoahirishwa huwa ni tukio au kazi: “put off the meeting”, “put off the inspection”. Likifuata tendo jingine, hubeba “-ing”, kwa hiyo “put off paying” ni kuchelewesha malipo, na mtu akiwaandikia “put off to pay”, mjue naye anajifunza kama nyinyi.

Yambwa akiwa mtu, mambo hubadilika. “The smell put the buyers off” maana yake ni kwamba harufu iliwafukuza wanunuzi, iliwaondolea hamu. “We put the buyers off until Friday” maana yake ni kwamba tuliwaomba wanunuzi wasubiri hadi Ijumaa. Kitenzi ni kilekile na wanunuzi ni walewale, ila katika sentensi ya kwanza biashara imekufa na katika ya pili iko hai. Mtagundua kwamba mtenda katika sentensi ya kwanza ni kitu, yaani harufu, na mara nyingi bei, tabia au uchafu hukaa mahali hapo. Katika ya pili mtenda ni mtu mwenye kalenda, na siku imetajwa. Mkikutana na “I put him off” bila siku wala sababu, hakuna sarufi itakayowaokoa; rudini aya iliyotangulia.

Na pasipokuwa na yambwa kabisa, hasa katika maandishi ya zamani ya safari za ziwani, “the boat put off” ni chombo kimeondoka pwani. Mwaka jana mmoja wa waliowatangulia, ambaye sasa ni mkubwa na hapendi nikumbushe, aliahirisha mtumbwi mzima na abiria wake.

4. Kamusi ifunguliwe penye “put”, mwishoni mwa maelezo, na vifupisho visirukwe. “Sb” ni mtu na “sth” ni kitu. “Put sth off” na “put sb off” zimetenganishwa makusudi. Kwenye daftari lenu pia andikeni hivyo, kitenzi pamoja na yambwa yake.

5. Pimeni mkia kwa kiwakilishi. Hili ni kwa ajili ya siku mtakapoandika Kiingereza, na zaidi kwa wale watakaokwenda kukalimani. Badilisheni yambwa iwe “it”. Kwa “put off” itaingia katikati: “put it off”, na kamwe siyo “put off it”. Kwa “look into” itakaa mwisho: “look into it”, na “look it into” haipo duniani. Sababu ni kwamba “off” hapa ni kielezi kilichoungana na kitenzi, ilhali “into” ni kihusishi kinachoishika yambwa yake na hakikubali kuachana nayo. Masikio nayo husaidia, kwa kuwa katika “put it off” mkazo huangukia “off”, na katika “look into it” huangukia “look”.

Nikiwa hapohapo kwenye “look into”: mtu akiandika “we will look into it”, ameahidi kuchunguza na hakuahidi kitu kingine. Rasimu moja iliyo mezani kwangu inasema “tutalitatua”. Mvuvi aliyelalamikia mizani ya mwaloni akisoma hivyo atakuja kudai suluhisho ambalo hakuna aliyemwahidi. Andikeni “tutalichunguza”. Hata “tutalishughulikia” mimi naona imezidi kidogo, ingawa mwenzangu wa meza ya pili hakubaliani nami, na tumebishana hadi chai ikapoa.

6. “Give up” siyo kukata tamaa kila mara. Ikisimama peke yake, au ikifuatwa na “on” na mtu, hapo tamaa inakatwa kweli. Lakini “he gave up fishing” ni kuacha uvuvi, na huenda aliuacha kwa furaha tele baada ya kufungua duka. “He gave himself up” ni kujisalimisha, kwa kawaida polisi. Na “he agreed to give up the plot” ni kukubali kuachia kiwanja, jambo lenye uzito wa kisheria. Aliyeandika katika barua ya wakili kwamba mzee “alikubali kukata tamaa na kiwanja” aje achukue rasimu yake kwangu leo, kwa sababu wakili anaitaka kesho asubuhi, na mzee mwenyewe, kwa ninavyomfahamu, hajakata tamaa hata kidogo: amelipwa fidia.